Barua ya Tarehe Mpya: Shule Inapofungwa Ghafla na Kikao cha Wazazi Kikingoja

Usiku wa kuamkia Jumatatu, 29 Aprili 2024, nguo za shule zilikuwa zimekwisha kupigwa pasi katika nyumba nyingi za Kenya. Muhula wa pili ulikuwa uanze kesho yake asubuhi. Saa chache kabla ya milango kufunguliwa, Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, alitangaza kwamba ufunguzi umesogezwa kwa wiki moja, hadi tarehe 6 Mei, kwa sababu ya mvua za masika zilizogeuka mafuriko. Alfajiri hiyohiyo maji yaliporomoka Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru, yakazoa nyumba na watu makumi waliokuwa wamelala.

Penye msiba mkubwa kiasi hicho, kikao cha wazazi na walimu huonekana jambo dogo. Lakini walimu wakuu kote nchini walijikuta na kazi ambayo haingeweza kungoja. Vikao vya wiki ya kwanza ya muhula vilikuwa vimekwisha kutangazwa, na wazazi wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini. Wengine wangesafiri kutoka mbali, tena kupitia barabara ambazo baadhi yake zilikuwa chini ya maji. Mtu aliyefunga safari siku hizo kwenda kwenye kikao ambacho hakipo hakupoteza nauli tu, alijiweka hatarini pia. Barua ya kubadilisha tarehe ilikuwa na uzito huo.

Kinachoifanya barua hii kuwa ngumu ni njia yake ya kumfikia msomaji. Siku za kawaida barua ya shule haina stempu wala tarishi. Inakunjwa, inatiwa kwenye begi la mtoto, na jioni inatolewa jikoni ikiwa imekunjamana. Shule ikifungwa ghafla, mtoto yuko nyumbani na begi limetundikwa ukutani. Mbeba barua hayupo, na ni wakati huohuo ambapo barua inahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu mkuu anayeandika barua nzuri, akaipiga mhuri, kisha akaiweka mezani akingoja shule ifunguliwe, atakuwa amewaarifu wazazi baada ya siku ya kikao kupita.

Tuchukue shule ya mfano, ya msingi na ya kutwa, upande wa Garsen karibu na Mto Tana, ambako mafuriko hayakuwa habari ya redioni tu. Ilipofunga muhula wa kwanza mwezi Aprili, iliwatumia wazazi barua kwamba kikao cha kujadili ripoti za watoto kitakuwa Ijumaa, 3 Mei. Tangazo la waziri lilipotoka, mwalimu mkuu akafanya kile ambacho wengi wangefanya: shule imesogezwa siku saba, basi na kikao kisogezwe siku saba. Siku hiyohiyo ya tarehe 29 akaandika barua fupi, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kikao sasa kingekuwa Ijumaa, 10 Mei.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini barua haikudumu hata wiki. Ijumaa ya tarehe 3 Mei, Rais William Ruto alitangaza kwamba shule zitabaki zimefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Jumatano ya tarehe 8 akatangaza kwamba zitafunguliwa Jumatatu, 13 Mei. Na ile Ijumaa ya tarehe 10, ambayo ilikuwa imeandikwa kwenye barua, ikafanywa sikukuu ya taifa ya kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko na kupanda miti. Kikao kimoja kikawa na tarehe mbili zilizokufa, na picha ya barua ya pili bado ilikuwa ikizunguka kwenye simu za watu.

Mwalimu huyo hakuzembea. Aliweka tarehe juu ya jambo ambalo halikuwa mikononi mwake, yaani siku ya kufunguliwa kwa shule. Kufungwa kwa ghafla huja na muda wa kukadiria, na muda huo mara nyingi hurefuka. Watanzania wanakumbuka vizuri. Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, agizo la kwanza lilikuwa la siku 30, lakini wanafunzi wa shule za msingi walirudi darasani tarehe 29 Juni. Kenya ilifunga mwezi huohuo, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Barua yoyote ya Machi 2020 iliyosema kikao kitakuwa baada ya mwezi mmoja iligeuka karatasi tupu.

Kwa hiyo barua ya siku ya kwanza, ile inayoandikwa wakati hakuna ajuaye shule itafunguliwa lini, haipaswi kutaja tarehe mpya hata kidogo. Kazi yake ni kuifuta tarehe ya zamani, na kuifuta waziwazi. Inatosha ikisema kwamba kikao cha Ijumaa, 3 Mei hakitafanyika, na kwamba tarehe mpya itatangazwa ndani ya siku tatu baada ya serikali kutaja siku ya kufungua shule. Mzazi hapewi tarehe, lakini anapewa kitu cha kushika: anajua asije, na anajua ni tukio gani litakaloleta taarifa nyingine. Ahadi ya siku tatu shule inaweza kuitimiza kwa sababu iko ndani ya uwezo wake. Siku ya kufungua haiko.

Baada ya tangazo la tarehe 8 Mei ndipo mwalimu wetu wa mfano alipata msingi wa kusimamia. Hata hapo kuna mtego. Mkono unavutwa kwenye Ijumaa ya kwanza, tarehe 17, kwa kuwa kikao kimechelewa vya kutosha. Lakini wiki ya kwanza baada ya mafuriko si wiki ya kawaida. Katika maeneo yaliyofurika, madarasa mengi yalikuwa yamegeuzwa makazi ya familia zilizohama, na yalihitaji kuoshwa, na vyoo kukaguliwa. Walimu walikuwa wakihesabu nani amerudi na nani hajarudi. Mwalimu wa darasa akiitwa kikaoni wiki hiyo hana la kumwambia mzazi kuhusu mtoto ambaye hajamwona tangu Aprili. Ijumaa ya pili, tarehe 24 Mei, inampa siku tisa za masomo kabla ya kikao, na inampa mzazi wiki mbili za kujipanga.

Kabla ya kuiandika tarehe hiyo, simu kadhaa zinapaswa kupigwa. Ya kwanza ni kwa mwenyekiti wa chama cha wazazi, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa kila shule ya umma nchini Kenya chama hicho, na kamati yake huwa na mwakilishi wa kila darasa. Wawakilishi hao ndio wanaojua siku ya soko, nani ana matanga, na familia zipi bado ziko kambini. Nyingine ni kwa chifu, ambaye huenda ameitisha baraza lake siku hiyohiyo. Pwani na kando ya Tana kuna jambo la ziada: Ijumaa kikao hakina budi kwisha kabla ya watu kwenda kusali, na kinachoanza saa nne hakiwezi. Huanza saa mbili unusu, kikamalizika saa sita.

Saa zenyewe zinaleta tabu ambayo wageni hawaijui. Shuleni ratiba huandikwa kwa saa ya Kiingereza, nyumbani saa husemwa kwa Kiswahili. Barua inayosema “saa 8.30” kwa maana ya asubuhi itasomwa na bibi anayemlea mjukuu kuwa saa nane unusu, naye atafika mchana, kikao kikiwa kimekwisha na walimu wameondoka. Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno, saa mbili unusu asubuhi, kisha tarakimu za saa ya shule kando kwa ajili ya waliozoea hizo. Siku ya wiki nayo iandikwe pamoja na tarehe, na zote mbili zilinganishwe na kalenda. Barua zilizosahihishwa haraka huwa na kosa hili zaidi ya lingine lolote: tarehe imebadilishwa, lakini jina la siku limebaki la zamani au limekosewa. Anayesoma “Alhamisi, 24 Mei” 2024 hana njia ya kujua akiamini lipi, maana tarehe 24 ilikuwa Ijumaa. Wengine watakuja Alhamisi.

Njia ya haraka ni ujumbe mfupi wa simu. WhatsApp ni nzuri, lakini inahitaji simu yenye intaneti na mtu aliyenunua bando, na si kila mlezi aliye nacho hiki au kile. Ujumbe mfupi unaingia hata kwenye kile kisimu cha mulika mwizi. Una nafasi ya herufi 160, pamoja na vituo na nafasi zilizo wazi, na hizo zinatosha kabisa. Alhamisi ya tarehe 9 Mei, siku moja kabla ya tarehe ile iliyokufa, shule ingeweza kutuma huu:

Shule: Kikao cha wazazi Ijumaa 10 Mei HAKIPO. Kitafanyika Ijumaa 24 Mei saa 2.30 asubuhi. Njoo na ripoti ya mtoto. Maswali: mwalimu wa darasa.

Hizo ni herufi 142, jina la shule likiwa bado halijawekwa, kwa hiyo jina fupi linaingia bila kuvuka mpaka. Tarehe iliyofutwa imekuja kwanza, kwa sababu mzazi anayesoma mstari wa mwanzo tu na kurudisha simu mfukoni ni lazima awe amepata lile litakalomzuia kusafiri bure. Pana tahadhari moja ya kiufundi ambayo makarani wa shule huigundua bili ikifika. Mtandao wa simu una orodha yake ya herufi za kawaida. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Kiswahili kina mahali pake pa kujikwaa hapa. Neno kama ng'ambo lina kistari cha juu. Kikiandikwa kimenyooka hakina neno, lakini kompyuta nyingi hukipinda zenyewe wakati wa kuchapa, na kile kilichopinda hakimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 142 wenye kistari hicho hukatwa vipande vitatu, na shule hulipia vyote vitatu kwa kila mzazi. Anayenakili maneno kutoka kwenye barua iliyochapwa na kuyabandika kwenye ujumbe ndiye hukumbwa sana.

Bado kuna wasiopatikana kwa simu, na baada ya mafuriko idadi yao huongezeka: simu imeloa, imeuzwa, au haina chaji kwa sababu umeme umekatika. Hao hupatikana kwa mdomo. Tangazo hupelekwa msikitini na kanisani, kwa chifu na wazee wa nyumba kumi, na kwenye kambi za waliohama. Jambo la kuchunga ni kwamba wote wapewe maneno yaleyale ya ule ujumbe mfupi, yameandikwa kwenye karatasi. Likisemwa kutoka kichwani, likipita midomo mitatu, Ijumaa ya tarehe 24 hugeuka “Ijumaa ijayo”.

Jumatatu ya tarehe 13, mtoto anaporudi na begi lake, ndipo barua yenyewe inapotoka. Haiji kuleta habari mpya kwa wengi wao. Inakuja kuwa kumbukumbu, kitu cha kuonyesha kwa mwajiri wakati wa kuomba ruhusa, na kuleta yale ambayo ujumbe mfupi haukuweza kubeba. Ingeweza kuwa hivi:

Jumatatu, 13 Mei 2024

Kwa mzazi au mlezi wa ........................ Gredi ya ..........

KUH: TAREHE MPYA YA KIKAO CHA WAZAZI NA WALIMU, IJUMAA 24 MEI 2024

Kikao kilichopangwa Ijumaa, 3 Mei, kisha kikasogezwa hadi Ijumaa, 10 Mei, hakikufanyika kwa sababu shule zilifungwa kutokana na mafuriko. Barua hii ya tarehe 13 Mei inafuta barua yetu ya tarehe 29 Aprili.

Kikao kitafanyika Ijumaa, 24 Mei 2024, kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa sita mchana (8.30 hadi 12.00), katika darasa la mtoto wako. Zamu uliyopangiwa awali haikubadilika: njoo saa ileile. Tafadhali njoo na ripoti ya muhula wa kwanza. Ikiwa imepotea au imeharibiwa na maji, usihangaike, mwalimu wa darasa atakupa nakala.

Ikiwa huwezi kufika siku hiyo, mlezi mwingine wa mtoto anaweza kuja badala yako, au umpigie mwalimu wa darasa akupangie siku nyingine kabla ya tarehe 31 Mei. Tunasikitika kwa usumbufu wa kubadilishiwa tarehe mara mbili, na tunawapa pole wote waliopoteza makazi na mali.

Wako katika elimu,
Mwalimu Mkuu

Kata hapa na umrudishie mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa, 17 Mei:
Nimeipata barua. Nitafika / Sitafika. Namba yangu ya simu kwa sasa: .................. Tunakoishi kwa sasa: ..................

Tarehe mpya imewekwa ndani ya kichwa cha habari, kwa kuwa barua ikipigwa picha, sehemu ya juu yenye siku ya kuandikwa mara nyingi hukatwa. Kwa sababu hiyohiyo maneno “Barua hii ya tarehe 13 Mei” yamo katikati ya aya. Picha mbili zikikutana kwenye simu moja, msomaji ataona ipi imeifuta nyingine bila kumwuliza mtu.

Ule mstari wa zamu unaokoa kazi nyingi. Darasa la watoto 40, kati ya saa mbili unusu na saa sita, lina dakika 210, yaani dakika tano na ushee kwa kila mzazi. Kikao cha namna hiyo hakiendi bila zamu, na zamu zilikuwa zimegawanywa tangu Aprili. Barua isiposema neno juu yake, nusu ya wazazi watashika saa ya zamani na nusu watakuja wote saa mbili unusu, na foleni itafika uwanjani. Shule inayobadilisha siku na kuacha saa kama zilivyo haina haja ya kupanga upya hata jina moja.

Halafu kuna yale ambayo hayamo, na kutokuwemo kwake ni kwa makusudi. Hakuna deni la chakula cha mchana. Hakuna mchango wa ukarabati wa darasa lililoingia maji. Shule huvutika kuyaingiza kwa hoja kwamba karatasi imekwisha kutoka, iwe ya mambo yote. Hilo ni kosa. Mzazi aliyepoteza mahindi na mbuzi akiona deni kwenye aya ya pili hataifikia aya ya tarehe, na akiifikia hatakuja, kwa kuogopa kusimamishwa mbele ya wenzake. Deni lina barua yake na wakati wake.

Kipande cha kukata ndicho sehemu yenye thamani zaidi katika ukurasa huo. Jioni ya Ijumaa, 17 Mei, mwalimu wa darasa ana rundo la vipande 40 au pungufu, na majina yanayokosekana yanampa orodha ya watu ambao hawajui kuna kikao. Ana wiki nzima ya kuwatafuta kupitia mwakilishi wa wazazi wa darasa lake. Mara nyingi mtoto ambaye kipande chake hakikurudi ndiye ambaye naye hakurudi shuleni, na hapo barua ya tarehe inakuwa imegundua jambo kubwa kuliko kikao. Ile nafasi ya “tunakoishi kwa sasa” iliwekwa kwa ajili hiyo. Daftari la shule lina kijiji cha zamani, na baada ya mafuriko kijiji hicho huenda hakina mtu.

Shule nyingi hazina kiolezo cha barua hii hadi siku inapohitajika, nao wanaoiandika siku hiyo huwa wamechoka, simu zinaita, na hawana hakika nyumba zao wenyewe ziko salama. Inafaa iandaliwe mapema, nafasi za tarehe zikiwa wazi, ikiwa na sura zake mbili, ile ya kufuta na ile ya kutangaza, na iwekwe pamoja na orodha ya namba za simu za wazazi iliyochapwa kwenye karatasi. Orodha iliyo ndani ya kompyuta ya ofisi haina msaada ofisi ikiwa imezungukwa na maji.

Na kwa mzazi au mlezi anayesoma ukurasa huu: ikiwa umebadilisha namba ya simu, au umehama tangu mtoto aandikishwe, mpe mwalimu wa darasa namba mpya na mahali unapoishi kabla mvua za masika zijazo hazijaanza.